Silabi Zinazonywea

Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kujiuliza irabu gani itamkwe katika silabi isiyopata mkazo, kwa sababu lugha yake haikuweka madaraja baina ya irabu zake tano: a ni a popote ikutwapo, mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno, na mkazo unapohama kutoka silabi moja kwenda nyingine hauondoki na rangi ya irabu ile uliyokuwa juu yake. Tutazame kitenzi piga. Mkazo wake uko katika silabi ya kwanza, PI-ga. Kikiwa pigana unahamia katika silabi ya pili, pi-GA-na. Kikiwa piganisha unasogea tena, pi-ga-NI-sha. Na katika mwendo wote huo ile i ya kwanza, iliyokuwa na mkazo kisha ikaupoteza, imebaki i safi ambayo sikio haliwezi kuishuku. Hata maneno mawili yasiyotofautiana kwa herufi moja, barabara ya kupitia watu na magari, ambayo mkazo wake uko katika silabi ya tatu, na barabara yenye maana ya sawasawa, ambayo aghalabu mkazo wake huwa katika silabi ya pili, yana a nne kila moja, na zote nne ni a.

Kiingereza kina desturi nyingine kabisa, na desturi hiyo ndiyo maudhui ya sura hii. Neno lao la picha ya kamera, photograph, lina mkazo katika silabi ya kwanza na hutamkwa FOU-tə-graf. Sanaa yenyewe ya kupiga picha, photography, mkazo wake uko katika silabi ya pili, nayo hutamkwa fə-TO-grə-fi. Na sifa ya kitu kihusianacho na picha, photographic, mkazo wake mkuu uko katika silabi ya tatu, fou-tə-GRA-fik. Herufi za mzizi ni zile zile katika maneno yote matatu, walakini kinywani irabu zake zinabadilishana sura: pale mkazo, uwe mkubwa au mdogo, ulipotua, irabu ilijitokeza na rangi yake, na pale ulipoondoka, o na a zote mbili ziligeuka kuwa sauti moja fupi, isiyo na rangi, ambayo hapa imeandikwa kwa e iliyopinduliwa juu chini. Sauti hiyo ndiyo shwa.

Jina hilo limetoka katika sarufi ya Kiebrania. Wasomi wa Tiberia waliotia alama za irabu katika maandiko yao matakatifu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita walikuwa na alama ya nukta mbili, moja juu ya mwenzake, iliyowekwa chini ya konsonanti, ama kuonyesha kwamba konsonanti hiyo haina irabu, kama ifanyavyo sukuni katika hati ya Kiarabu, ama kuonyesha kwamba ina irabu fupi mno iliyo karibu na kutokuwapo. Wataalamu wa Kijerumani wakaazima jina hilo kwa irabu dhaifu za lugha yao, na katika mwaka 1821 Johann Andreas Schmeller, alipokuwa akieleza lahaja za Bavaria, akatumia ile e iliyopinduliwa kuwa herufi yake. Leo herufi hiyo imo katika kamusi nyingi za Kiingereza zenye kuonyesha matamshi, lakini haimo katika alfabeti ya Kiingereza, ijapokuwa shwa ndiyo irabu isikikayo zaidi ya zote katika lugha hiyo: katika mazungumzo ya kawaida, takribani sauti moja katika kila kumi ni shwa.

Ili tujue kwa nini irabu zilizonyimwa mkazo zikutane katika sauti hii na si katika nyingine, inafaa kwanza tujue shwa ni nini ndani ya kinywa. Irabu zote hutokana na mtetemo wa nyuzi za sauti kooni, nao mtetemo huo hupita katika njia inayoanzia kooni na kuishia midomoni. Ulimi na midomo huibana njia hiyo mahali hapa au pale, na kila mbano huipa njia mwangwi wake maalumu. Katika i ulimi hupanda mbele karibu na kaakaa. Katika u hupanda nyuma na midomo huviringika. Katika a taya hushuka na njia hupanuka upande wa midomo. Sasa na tudhani kwamba ulimi haukwenda popote, midomo haikuviringika wala haikutanuka, na taya imefunguka kidogo tu: njia hiyo itakuwa karibu sawa kwa upana wake tangu kooni hata midomoni, mfano wa bomba lililofungwa upande mmoja na kuachwa wazi upande wa pili. Elimu ya sauti inatuwezesha kupiga hesabu ya bomba kama hilo. Mwangwi wake wa kwanza hupatikana kwa kugawa mwendo wa sauti kwa urefu wa bomba uliozidishwa mara nne. Njia ya sauti ya mwanamume mzima ina urefu wa kadiri ya sentimita 17.5, na katika hewa yenye joto na unyevu wa kinywani sauti huenda kadiri ya mita 350 kwa sekunde, basi hesabu yake ni hii:

350 ÷ (4 × 0.175) = 500

Yaani mwangwi wa kwanza uko kwenye mitetemo 500 kwa sekunde, na miangwi inayofuata iko kwenye mara tatu na mara tano ya hiyo, 1500 na 2500. Mtu akipima shwa ya msemaji wa Kiingereza kwa chombo, namba atakazopata aghalabu zitakuwa karibu na hizi. Kwa i ya mwanamume huyo huyo mwangwi wa kwanza ungeshuka mpaka kadiri ya 300 na wa pili ungepanda kupita 2000. Kwa u yote miwili ingekuwa chini, wa pili ukiwa haufiki hata 1000. Basi shwa si a iliyoharibika wala e iliyozembewa. Ni sauti ya njia ambayo haikupewa umbo, na ndiyo maana iko katikati ya irabu zote nyingine.

Sasa tulichukue neno banana, yaani ndizi, tulitazame polepole kama linavyotoka kinywani mwa Mwingereza. Midomo inafumbwa kwa ajili ya b. Inapofumbuka, ncha ya ulimi tayari imo njiani kupanda kwenda kugusa ufizi wa juu kwa ajili ya n, na baina ya kufumbuka huko na kugusa huko kuna muda mdogo sana ambao sauti ya koo inapita bila kitu maalumu kufanyika. Muda huo ndio irabu ya kwanza. Kisha ulimi unaachia ufizi, taya inashuka, na irabu ya pili inapewa nafasi yake kamili, ndefu na wazi, kwa kuwa hiyo ndiyo yenye mkazo; Mwamerika huitamka mbele zaidi kinywani kuliko Mwingereza, lakini wote wawili huipa muda. Ulimi unarudi tena kwenye ufizi kwa n ya pili, unaachia, na neno linakwisha kwa irabu fupi ya tatu: bə-NA-nə. Zimeandikwa a tatu, na iliyotamkwa kuwa a ni moja tu.

Neno muhimu katika maelezo hayo ni muda. Katika mwaka 1963 mtaalamu wa Sweden, Björn Lindblom, alichapisha vipimo vya irabu za Kiswidi zilizowekwa baina ya konsonanti mbali mbali na kutamkwa kwa kasi na mikazo tofauti, ili zirefuke na zifupike. Alichokiona ni kwamba irabu ndefu huufikia mwangwi wake uliokusudiwa, na kadiri muda wake unavyopungua ndivyo inavyopungukiwa na kuuachia njiani, ikivutwa upande wa konsonanti zilizo kabla na baada yake. Msemaji hakukusudia kuibadili irabu, na ubongo wake bado unaamuru ile ile. Bali ulimi ni nyama yenye uzito, hauwezi kwenda na kurudi mara moja, na muda ukiwa haba huanza kurudi kabla haujafika. Mwanzo wa shwa ni huo, na mwanzo huo uko katika maumbile ya mwili wa kila binadamu. Katika Kiingereza, hata hivyo, jambo lililoanza kwa uchache wa muda limekwisha kuwa kanuni ya lugha, maana Mwingereza akiombwa aseme banana polepole sana kwa mtu asiyesikia vizuri, hatasema ba-na-na kwa a tatu safi, bali ataivuta ile ya katikati na kuziacha za pembeni zikiwa shwa vile vile. Muda amekwisha kuupata, na irabu ya zamani haikurudi.

Shwa mbili za banana, juu ya hayo, si sauti moja sawasawa. Edward Flemming na Stephanie Johnson walipima shwa za Wamarekani na kueleza mwaka 2007 kwamba shwa iliyo mwishoni mwa neno hupata muda zaidi, hukaa thabiti katikati ya kinywa na hufunguka, ilhali shwa iliyobanwa ndani ya neno hufuata majirani zake, mara ikielekea i, mara ikielekea u, kwa kadiri ya konsonanti zilizoikumba. Mswahili anao ushahidi wa jambo hili katika lugha yake mwenyewe, kwa maana masikio ya Waswahili walioyapokea maneno ya Kiingereza yalilazimika kuihukumu kila shwa na kuipeleka kwenye moja ya irabu tano zilizopo. Shwa ya mwisho wameihukumu kuwa a bila kusita, hata pale ambapo Waingereza huiandika kwa er, or au ure: ndipo tulipopata meneja, kondakta, helikopta, kompyuta na picha. Yote hayo yalipokewa kwa sikio kutoka kwa watu wasiotamka r ya mwisho, maana yangepokewa kwa jicho yangekuwa na r na irabu nyingine. Shwa ya ndani, iliyobanwa kati ya sh na n, haikuhukumiwa kuwa a bali e, nasi tunasema stesheni na televisheni. Waliotoa hukumu hizo hawakuwa na chombo chochote cha kupimia, na hukumu yao imekwenda sambamba na vipimo.

Mtu anaweza kuuliza sababu ya Kiingereza kuwa na ubahili huu wa muda ilhali Kiswahili ni karimu kwa kila silabi. Jawabu lililotolewa zamani ni la Kenneth Pike, aliyeandika mwaka 1945 kwamba ziko lugha ambazo mikazo yake hufuatana kwa nafasi zilizo sawa, hata silabi zilizo baina ya mkazo na mkazo zikalazimika kusongamana, na ziko nyingine ambazo silabi zenyewe ndizo zilizo sawa kwa urefu. Jawabu hili lilipendwa mno, lakini halikusalimika lilipopimwa. Rebecca Dauer alilinganisha lugha kadhaa na kuonyesha mwaka 1983 kwamba nafasi baina ya mikazo ya Kiingereza hazina usawa kuzidi za Kihispania, lugha inayotajwa siku zote kuwa ya upande wa pili. Sikio linasikia mwendo tofauti kwa kweli, ila tofauti haitoki katika saa iliyofichika. Inatoka katika silabi zenyewe, kwamba Kiingereza kina silabi nene zenye konsonanti nyingi zikifuatwa na silabi nyembamba zenye shwa, na Kihispania, kama Kiswahili, kina silabi za kimo kimoja. Kunywea kwa silabi ndiko kulikozaa mwendo ule, wala si mwendo ule uliozaa kunywea.

Chimbuko lake ni la kale. Katika Kiingereza cha zaidi ya miaka elfu moja iliyopita mkazo ulikuwa ukiwekwa mwanzoni mwa mzizi wa neno, na silabi za mwisho, ambazo hazikuupata kamwe, zilikuwa bado na irabu kamili: jina waliliita nama, na mwana wa kiume wakamwita sunu. Ilipofika kadiri ya mwaka 1100 zile a, o, u na e za mwishoni zilikuwa zikichanganyika kuwa sauti moja dhaifu iliyoandikwa e, na ilipofika kadiri ya mwaka 1400 hiyo nayo ilikuwa imekwisha kutoweka katika usemi wa kawaida, hata ile e inayoandikwa leo mwishoni mwa name ni alama tupu ya irabu ambayo sauti yake imekufa. Hatima ya silabi dhaifu, basi, si shwa; shwa ni kituo cha katikati, na baada yake kuna ukimya.

Safari ya kutoka kituo hicho mpaka ukimya inaonekana waziwazi katika neno comfortable, ambalo ni sifa ya kitu cha raha na starehe. Mwenye kujua kuhesabu mizani kama wahesabuvyo washairi wetu atapata mizani nne katika maandishi yake: com, for, ta, ble. Mkazo uko katika ya kwanza, ambayo irabu yake ni karibu na a yetu, na tatu zinazofuata zote hazina kitu. Hatua ya kwanza ni kwamba irabu zote za silabi hizo tatu zinakuwa shwa, na kinywani mwa Mwingereza wa kusini ile r ya katikati nayo haitamkwi, neno likawa KAM-fə-tə-bəl. Hatua ya pili inaigusa shwa ya mwisho: l ni sauti inayoweza kuvutwa peke yake, kwa hiyo inaimeza irabu iliyo mbele yake na kuibeba silabi yenyewe, kama m inavyoibeba silabi peke yake katika mtu. Hatua ya tatu inaiondoa kabisa shwa iliyo mara tu baada ya mkazo, na f inakutana na t: KAMF-tə-bl. Mizani zimebaki tatu. Wamarekani, ambao hutamka r, wamepita njia ile ile, lakini r yao haikupotea pamoja na irabu yake. Inasikika baada ya t, katika silabi ambayo kwenye maandishi haina r yoyote, nao wengi wao husema KAMF-tər-bl.

Shwa haitoweki kila mahali wala kwa bahati nasibu. Kwa kawaida lazima iwe imetanguliwa na silabi yenye mkazo, na lazima ifuatwe na silabi nyingine dhaifu itakayoweza kubeba konsonanti zilizoachwa bila irabu. Ndiyo maana katika comfort, ambalo ni shina la neno lile lile, shwa ya silabi ya pili inasalimika: baada yake hakuna silabi ya kupokea mzigo. Sharti hili linaonekana kwa uwazi zaidi katika neno separate, ambalo likiwa kitenzi cha kutenganisha linaishia kwa silabi yenye mkazo mdogo, na shwa ya katikati inabaki, SE-pə-reit. Likiwa sifa ya kitu kilicho mbali na kingine linaishia kwa silabi dhaifu, na shwa ya katikati inaanguka, SE-prət. Tahajia ni moja, mkazo mkuu ni mmoja, na uzima wa irabu ya katikati umeamuliwa na silabi iliyo baada yake. Cheo cha jeshini ambacho Waingereza hukiandika corporal, kwa mizani tatu, kina masharti yote mawili, nacho kilipofika kwetu kilikuwa koplo, mizani mbili, bila dalili ya irabu ya katikati.

Liko na sharti la tatu, nalo ni mazoea. Joan Hooper, ambaye baadaye aliandika kwa jina la Joan Bybee, alieleza mwaka 1976 kwamba maneno yenye umbo moja hayanywei kwa kasi moja, bali lile litumiwalo mara nyingi hutangulia. Every, yaani kila, haliachi kinywa kwa siku nzima, na shwa yake imekufa kabisa, silabi zake ni mbili; memory, yaani kumbukumbu, hutumiwa kwa kiasi, na irabu yake imo katika hali ya kufa, ikimezwa na r; mammary, neno la matabibu lihusulo matiti, ni nadra, na silabi zake tatu zote zi hai. Neno lililozoeleka msikilizaji hulitambua kabla halijakwisha, na msemaji hulitamka kwa wepesi wa mtu aliyekwisha kulisema mara elfu; kila safari hupunguzwa kidogo, na upungufu hurithiwa na wasemaji wa baadaye kama ndio umbo lenyewe.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili hakijapata kumeza irabu. Kiambishi cha mtu katika lugha za Kibantu ni mu, na katika Kiswahili cha Kongo wengi husema mutu mpaka leo. Kiswahili cha pwani kimeiondoa u hiyo mbele ya konsonanti, na m ikabaki peke yake ikiibeba silabi. Lakini mahali hapo palipopotea irabu mizani haikupotea, kwa kuwa m-tu ni mizani mbili kama mu-tu, na mkazo wa neno unatua juu ya m hiyo hiyo isiyo na irabu. Kiswahili kimepoteza sauti na kuhifadhi hesabu, na comfortable limepoteza vyote viwili.

Tofauti hii ndiyo inayomponza Mswahili anaposema Kiingereza, na haimponzi katika kila neno sawasawa. Neno banana mkazo wake umekaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, mahali ambapo Kiswahili huuweka kwa kawaida, kwa hiyo akilisema kwa a tatu kamili atasikika mgeni, lakini ataeleweka. Comfortable ni kinyume chake. Akilifuata kwa kanuni ya kwao ataupeleka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kom-fo-TA-bol, na hapo Mwingereza anayemsikiliza, ambaye hulitafuta neno kwanza kwa mahali pa mkazo wake, atapapasa katika maneno yasiyokuwapo. Si irabu zilizomtatiza, ni silabi dhaifu iliyotukuzwa na silabi yenye nguvu iliyodunishwa. Kwa hiyo ajifunzaye asianze kwa kuitafuta shwa kama sauti ya sita ya kukariri, kwa maana akijitahidi kuitamka ataipa muda na uzito usiostahili silabi dhaifu. Na aanze kwa kuirefusha silabi yenye mkazo kupita kiasi anachokiona cha adabu, kisha apite juu ya nyingine upesi bila kujali irabu zake; irabu zitanywea zenyewe kwa sababu ile ile aliyoipima Lindblom. Atajua kwamba amefaulu akiona ulimi na midomo yake haina kazi katika silabi hizo ila kazi ya konsonanti.

Kanuni hiyo ina mipaka yake. Ziko silabi za Kiingereza zisizo na mkazo ambazo hata hivyo irabu zake hazigeuki shwa: ile y ya mwisho wa happy, neno la furaha, ni i dhahiri, o ya mwisho wa tomato, yaani nyanya, hubaki o katika usemi wa wengi, na e ya katikati ya roses, yaani mawaridi, kwa Waingereza wengi iko karibu na i fupi, ilhali kwa Waaustralia ni shwa. Hapo kamusi ya matamshi ndiyo hakimu, na katika baadhi ya kamusi hizo shwa inayoweza kuanguka huonyeshwa kwa herufi ndogo au iliyolazwa, ili msomaji ajue kwamba ana hiari.

Yuko mtu mmoja anayeteswa na shwa kuliko mgeni, naye ni mtoto wa Kiingereza mwenyewe aliye shuleni. Kwa kuwa a, e, i, o na u zote zaweza kuwa shwa, sikio halimwambii aandike ipi, na makosa yake ya tahajia hukusanyika palepale ambapo mkazo haupo. Dawa yake ni kulitafuta neno la ukoo mmoja ambamo mkazo umehamia kwenye silabi ile iliyofichika. Anayesita katika mwisho wa grammar, yaani sarufi, na alitazame grammatical, ambamo mkazo umekaa juu ya a na kuifichua; anayesita katika definite, yaani bayana, na alitazame definition, ambamo i imesimama wazi. Tahajia ya Kiingereza, inayolaumiwa kwa kutofuata sauti, mahali hapa inafanya kazi ya maana: inaandika irabu kama zingekuwa lau zingepata mkazo, ili photograph na photography yajulikane kwa jicho kuwa ni ndugu ijapokuwa sikio linayatenga. Lakini separate halina jamaa yeyote anayeutia mkazo katika silabi yake ya katikati, na ndiyo sababu maelfu ya Waingereza waliosoma huliandika kwa e badala ya a. Wala comfortable halina jamaa wa kuifichua o yake ya pili. Kwa maneno kama hayo hakuna dawa ila kukariri herufi, na katika kukariri huko Mswahili aliyejifunza neno kwa kusoma kila irabu yake kwa sauti amemtangulia mwenye lugha.